Tupeane uzoefu: watoto wawili, chumba kimoja, rangi zisizopatana

Mama Mapacha Wasio Mapacha
Wazazi wenzangu, naanza mimi. Nina mabinti wawili, miaka 13 na 8, wanalala chumba kimoja cha mita 3 kwa 3.5. Mkubwa kang'ang'ania zambarau, mdogo anataka njano, ile ya kifaranga. Nikasema yaishe: fundi akagawa chumba katikati, kila mtu na upande wake, rangi zikakutana kwenye ukuta wa dirisha. Vitanda viko pande mbili, vinatazamana.

Usiku wa kwanza tu mdogo kanifuata sebuleni. "Mama, nikilala naona rangi ya dada tu. Yangu anaiona yeye." Nikaenda kujilaza kitandani kwake, na ni kweli kabisa. Njano yake iko kisogoni. Halafu pale rangi zinapokutana, ukitazama kwa muda macho yanachoka. Nyie mlifanyaje?

Fundi Rola
Pole dada. Kosa hilo nami nimewahi kumfanyia mteja. Vitanda vikitazamana, rangi uliyoichagua anaishi nayo wa ng'ambo.

Siku hizi nafanya hivi: kuta zote na dari zipate rangi moja tulivu, krimu au kijivu hafifu. Kisha kila kitanda kinapata kipande chake ukutani, upana mita 2, kimo mita 1.2 kutoka sakafuni. Wa ng'ambo anakiona, lakini nusu kinazibwa na kitanda na mito, hakimvamii. Faida nyingine, hapo chini ndipo mikono na miguu michafu inapogusa, kwa hiyo kipande hicho kipake silki inayofutika kwa kitambaa chenye maji.

Macho kuchoka ni kwa sababu njano na zambarau zikigusana kila moja inaikoleza mwenzake. Usiziache zigusane. Na angalia uzito. Zambarau iliyokolea ikikaa chumba kimoja na njano ya kifaranga, zambarau inameza chumba chote na mdogo ataona kaonewa. Mwambie mkubwa apunguze kidogo, mdogo naye aongeze aelekee haradali. Zikikaribiana uzito, hakuna mwenye chumba na hakuna mpangaji.

Baba wa Tabata
Mnajisumbua. Rangi nzito zinafanya chumba kiwe kidogo. Piga nyeupe kila mahali, mwenye nyumba ni wewe, si wao.

Fundi Rola
Mkuu, ni kweli kwa upande mmoja. Ukipaka nzito kuta zote nne hadi juu, chumba kinabana. Ikiishia mita 1.2 na juu kukiwa na mwanga, jicho linapanda juu na chumba hakipungui. Na nyeupe tupu kwenye chumba cha watoto, mwezi wa pili utaniita tena.

Shangazi Zai
Samahani kuingilia, chumba cha wanangu kina fangasi weusi kwenye kona, kila nikipaka wanarudi. Nitumie rangi gani?

Fundi Rola
Shangazi, hapo hakuna rangi itakayokusaidia kabla hujajua maji yanatoka wapi. Angalia bomba na bati upande huo kwanza, ukuta ukauke. Fungua mada yake tutakusaidia.

Mpangaji Mtiifu
Sisi tumepanga na mwenye nyumba amekataza kugusa ukuta. Wavulana wangu wanalala kitanda cha deka. Wa chini alikuwa analalamika kwamba wa juu ana dari na yeye hana kitu. Nikakata kitambaa cha bluu kipimo cha kitanda, nikakibana kwa stepla chini ya mbao za deka ya juu. Ile ndiyo dari yake. Wa juu ana shuka na foronya za kijani, na ngazi tumeifunga utepe wa kijani. Neti zote mbili nyeupe, hizo sikutaka mjadala. Mwaka wa pili huu, ugomvi wa rangi umekwisha. Wa taa bado.

Babu Kijana
Mimi nina la kwangu. Tuliwapa watoto rangi ili kila mtu ajue vitu vyake: kaka kijani, dada kahawia, kuanzia misumari ya kutundikia hadi ndoo za nguo chafu. Kila siku kaka anatupia nguo ndoo ya dada. Kachapwa, kanuniwa. Siku moja nikamwambia aniletee ndoo ya kijani, akasimama anaangalia zote mbili, kisha akauliza, "Ipi?" Ndipo nikaelewa kwamba hazioni tofauti. Kipimo cha macho kikathibitisha. Wavulana wanapata hali hii kuliko wasichana. Tukabadilisha: yeye bluu, dada njano, kosa likaisha siku hiyo hiyo. Kabla ya kugawa, muulize mtoto akutajie rangi mwenyewe, usimtajie wewe.

Mama Mapacha Wasio Mapacha
Babu, nimesoma mara mbili. Nikawapima wangu, wako salama.

Narudi na majibu. Kila mmoja alichagua vivuli vitatu, mwenzake akawa na ruhusa ya kukataa kimoja tu. Tulipaka kwenye vipande vya kadibodi mikono miwili, tukavibandika juu ya vitanda siku mbili. Usiku chini ya ile taa nyeupe kali, zambarau aliyoipenda mkubwa dukani ikageuka kijivu cha mochwari (maneno yake). Akaiacha mwenyewe, sikusema kitu.

Kiasi: kipande kimoja ni mita 2 kwa 1.2, yaani mita za mraba 2.4, mikono miwili 4.8. Lita moja inapaka kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja ukuta ukiwa laini. Duka lilitaka kuniuzia kopo la lita 4 kwa kila rangi, nikachukua lita moja moja na zimebaki. Ila njano haifuniki vizuri, ilitaka mkono wa tatu. Na upande uliokuwa zambarau, krimu peke yake ilikuwa inaonyesha kivuli, ikabidi tutangulize undakoti nyeupe.

Kwenye mstari wa juu nilibandika tepu ya kuzibia, rangi ikapenya chini yake, ukingo ukawa kama meno ya msumeno.

Fundi Rola
Ukishabandika tepu, pitisha kwanza ile krimu ya ukuta juu ya ukingo wake. Ikipenya, inapenya krimu juu ya krimu, na nafasi inazibika. Ikikauka ndipo upake ya rangi, na tepu uivute wakati mkono wa mwisho bado mbichi, polepole, ukiilaza nyuma. Ukuta ukiwa unatoa unga kama chaki, usibandike kabisa, tepu itaondoka na rangi ya chini. Hapo ni penseli, rula ndefu na mkono usiotetemeka. Na karatasi ya mchanganyiko iliyo kwenye mfuniko wa kopo usiitupe, siku ya kuziba mikwaruzo utaihitaji.

Mama Mapacha Wasio Mapacha
Nimeshaibandika ndani ya kabati. Ukutani amani ipo, wiki ya tatu sasa. Lakini mgongo wa mlango tuliusahau. Mkubwa kabandika picha zake zote pale, mdogo anasema mlango uko upande wa njano. Nimewapimia kwa futi: bawaba ziko kwa mdogo, kitasa kiko kwa mkubwa.

Mpangaji Mtiifu
Kwetu mlango ni wa baba. Lakini baba mwenyewe hajaambiwa.