Bili ya karakana: kapasita, kupanga mashine au sola?

Mwanakarakana: Wakuu, naomba tulinganishe. Bili ina uniti, dimandi yaani kilele cha mzigo wa mwezi kinachotozwa kwa kVA, halafu faini ya pawa fakta, ile sehemu ya kVA inayofanya kazi kweli, ikiwa ndogo. Mwezi uliopita dimandi ilisoma 111 kVA, pawa fakta 0.72, na mkataba unataka isipungue 0.90. Nianze na kipi?

Chande: Funga stata laini. Mota kubwa ikiwaka inavuta hata mara sita ya mkondo wa kawaida. Hapo ndipo dimandi inaporuka.

Fundi Swichi: Chande, mruko upo, ila ni wa sekunde chache. Mita nyingi za dimandi huchukua wastani wa dakika 15 au 30, kwa hiyo humezwa. Stata laini inasaidia taa zisififie, bili haitaisikia.

Mwanakarakana, 111 mara 0.72 ni kama 80 kW. Ukifika 0.95, mzigo uleule utasoma 84 kVA: faini inaondoka na dimandi inashuka pamoja nayo. Ungekuwa unatozwa dimandi kwa kW, ungepona faini tu. Kapasita ndizo zitakupa kVAr, umeme wa kujenga sumaku ya mota, badala ya gridi: unahitaji za kama 50 kVAr, zenye kidhibiti cha kuziingiza kidogo kidogo. Za kudumu zitabaki kwenye laini usiku mota zikiwa zimezimwa, na volti inaweza kupanda.

Mama Baraka: Sisi tulifunga sola. Uniti zikashuka, faini ikapanda! Aliyetuuzia alinyamaza kabisa.

Fundi Swichi: Kawaida hiyo. Inveta ikiachwa itoe kW peke yake, kVAr zote bado unazivuta kwenye gridi. Karakana hii ikipata 30 kW za sola, mita itaona 50 kW na zile 77 kVAr zilezile. Pawa fakta inaangukia 0.54. Kuna inveta zinazoweza kupangwa zitoe na kVAr, ulizeni. Na dimandi je? Wingu la nusu saa linatosha kuirudisha ilipokuwa.

Mwanakarakana: Tuna mota mbili za vidhibiti kasi. Pia kompresa na oveni huwashwa pamoja saa mbili asubuhi.

Fundi Swichi: Basi agiza kapasita zenye riakta, koili za kuzikinga, la sivyo harmoniki, mawimbi machafu ya vidhibiti kasi hivyo, zitazichemsha. Kisha zipime na klampu mara kwa mara: 50 kVAr zote zikiwa ndani kwenye 400 V ni kama 72 A kila fezi. Fezi moja ikisoma 40, kuna iliyokufa, hata kama taa ya kidhibiti inawaka. Oveni ichelewe mpaka kompresa ijaze tangi. Hiyo ni bure, anza nayo kesho.

Mama Baraka: Bure mpaka msimamizi aende likizo. Kwetu waliwasha vyote asubuhi moja tu, na kilele hicho ndicho tulicholipia mwezi mzima.

Chande: Mimi kapasita ningezifunga kwenye kila mota, siyo kwenye bodi kuu.

Fundi Swichi: Kwa mota inayozunguka kutwa, sawa. Ila siyo nyuma ya kidhibiti kasi, utakiua.