Bitcoin na benki kuu: tulinganishe njia mbili za kuongeza fedha kwa mfano wa mwaka 2020

Mkaguzi_Tanga:
Ndugu wanajukwaa, naomba tulinganishe kwa kutazama miezi michache tu ya mwaka 2020. Mwezi Machi, janga la korona lilipotikisa uchumi, Benki Kuu ya Kenya ilishusha kiwango cha akiba ya lazima, yaani sehemu ya amana ambayo benki hulazimika kuiweka kwake, kutoka asilimia 5.25 hadi 4.25, na benki za biashara zikaachiwa shilingi bilioni 35.2. Benki Kuu ya Marekani nayo ilinunua hatifungani kwa kasi, hata mizania yake ikapanda kutoka takriban dola trilioni 4.2 mwezi Februari hadi zaidi ya trilioni 7 mwezi Juni. Katikati ya msukosuko huohuo, Mei 11, Bitcoin ilifika bloku ya 630,000, yaani fungu la 630,000 la miamala iliyorekodiwa, na malipo ya mchimbaji, anayetumia kompyuta kuziunda bloku hizo, yakashuka kwa kila bloku kutoka sarafu 12.5 hadi 6.25, kama programu ilivyopangwa tangu 2009. Je, kwa mtu anayeweka akiba ya muda mrefu, ni utaratibu upi unaostahili kuaminiwa zaidi?

Juma_Kibandani:
Jibu liko wazi, kaka. Benki kuu huchapa noti kadiri serikali inavyotaka, ilhali Bitcoin haiwezi kuvuka sarafu milioni 21. Hizo bilioni 35.2 ni fedha zilizochapwa, na mwananchi ndiye anayezilipia kwa mfumuko wa bei.

Mchumi_Mstaafu:
Ndugu Juma, kuhusu ukomo wa milioni 21 uko sahihi, lakini zile bilioni 35.2 hazikuchapwa. Zilikuwa tayari ni fedha za benki hizo, zimewekwa Benki Kuu bila ruhusa ya kuguswa, na kilichobadilika ni ruhusa hiyo. Sehemu kubwa ya fedha tunazotumia huzaliwa benki ya biashara inapomkopesha mteja na kuandika kiasi hicho kwenye akaunti yake, kisha hufutika mkopo unaporejeshwa. Benki ikiogopa kukopesha, akiba iliyoachiwa hubaki imelala au hununua dhamana za serikali. Kwa hiyo anayetaka kujua kama hatua ile ilizaa fedha mikononi mwa watu atazame ukuaji wa mikopo kwa sekta binafsi, si tangazo la siku ile. Marekani ilikuwa tofauti: benki kuu yake ililipia hatifungani kwa akiba mpya kabisa, ambazo hazikuwapo kabla ya ununuzi.

Mama_Nasra:
Samahanini wapendwa, mimi nina Bitcoin kidogo kwenye simu, na neno hili la kupunguzwa nusu limenitia hofu. Ina maana kila miaka minne salio langu litakatwa nusu? Niuze mapema?

Fundi_Mtandao:
Dada, salio lako haliguswi. Kinachopungua ni sarafu mpya anazopewa mchimbaji kwa kila bloku: zilianza 50, na tangu Aprili 2024 ni 3.125. Nusu hukatwa kila baada ya bloku 210,000, ndiyo maana tunasema miaka minne kwa kukadiria tu. Hata wachimbaji wakileta mashine nyingi zaidi, sarafu haziongezeki, kwa sababu kila baada ya bloku 2,016 mtandao hurekebisha ugumu wa kazi ili bloku moja irudi kuchukua takriban dakika kumi. Kwa malipo ya sasa, ni kama sarafu 450 kwa siku, chini ya asilimia moja ya zilizopo kwa mwaka. Kuhusu kuuza, siwezi kukuamulia.

Mchumi_Mstaafu:
Naongeza jambo ambalo mashabiki wa ukomo hulipita haraka. Machi 12, 2020, watu walipokimbilia dola, Bitcoin ilianguka kutoka karibu dola 7,900 hadi chini ya 5,000 kwa siku moja. Wingi wake haukuweza kuitikia mahitaji, hivyo mshtuko wote ulibebwa na bei. Benki kuu hufanya kinyume: huacha wingi wa fedha ubadilike ili riba na malipo visiyumbe, na gharama ya kukosea huja baadaye, kama Marekani ilivyoona mwaka 2022 mfumuko wa bei ulipopita asilimia 9. Kwa ada ya shule ya mwezi ujao, ningechagua shilingi bila kusita.

Juma_Kibandani:
Hilo la mikopo nimelielewa, mzee wangu, na nashukuru. Hata hivyo, mfumuko huo ndio hasa unaonifanya nipendelee kanuni isiyotegemea kikao cha watu wachache.

Fundi_Mtandao:
Kanuni yenyewe ina deni ambalo halijalipwa, ndugu Juma. Kadiri malipo yanavyokatwa, ulinzi wa mtandao utategemea ada za miamala. Kwenye bloku ya 840,000, iliyoleta mkato wa 2024, ada zilipita sarafu 37, lakini msongamano ule ulipokwisha zilishuka tena. Zikibaki chini malipo yakikatwa mara mbili au tatu zaidi, baadhi ya wachimbaji watazima mashine, na kuushambulia mtandao kutakuwa rahisi zaidi. Wapo wanaotarajia bei itafidia, na wapo wanaotaka ukomo wenyewe ujadiliwe upya.

Mkaguzi_Tanga:
Ukomo ukijadiliwa upya, nani atakuwa na kura: wachimbaji, au wanaoendesha programu majumbani mwao? Naomba mwenye ufahamu aendelee kutoka hapo.