Kibarua cha kreti: kima cha chini kihesabiwe kwa siku au kwa wiki?

Mchumaji, Hombolo: Tunachuma zabibu kwa shilingi 400 kwa kreti. Tulikubaliana kwamba hakuna atakayelipwa chini ya 7,000 kwa siku. Jumamosi tajiri akajumlisha wiki nzima, akanipa 43,200, akasema nimevuka kima. Siku zangu zilikuwa kreti 22, 24, 10, 9, 23 na 20. Nimepunjwa au la?

Aliyekuwa karani wa mizani: Umepunjwa, dada. Mlikubaliana kwa siku, basi kila siku isimame peke yake. Siku ya kreti 10 ulivuna 4,000, ulistahili kuongezewa 3,000. Ile ya kreti 9 ilikuwa 3,600, nyongeza 3,400. Siku nne nyingine zimevuka, zibaki zilivyo. Jumla ni 49,600, kwa hiyo wewe unamdai 6,400. Alichofanya ni kuchukua jasho la siku zako nzuri akafukia mashimo ya siku mbaya. Sasa tueleze, siku hizo mbili kulikuwa na nini?

Mchumaji, Hombolo: Kreti hazikuja. Vichala tulishakata, tukavilundika chini ya mti na kuvifunika majani, tukakaa mpaka saa nane lori lilipofika.

Karani: Ndiyo maana kima kipo! Kungoja kreti si uvivu wako. Andika kwenye daftari saa mliyoanza, saa mliyosimama na sababu. Daftari lenye vijiti vya kreti tu halitakusaidia mbele ya Afisa Kazi.

Mwenye shamba, Mpunguzi: Kwangu kima kilileta uzembe. Mtu anajua 7,000 yake ipo, anachuma kreti 12, anakwenda kulala kivulini.

Karani: Hapo una hoja, kaka, lakini nusu tu. Kwa 400, kima kinafikiwa kwenye kreti ya 18. Anayejua hatazidi 15 hana sababu ya kukata ya 13. Ila hesabu wangapi wako hivyo. Akiwa mmoja, zungumza naye. Wakiwa nusu ya kundi, bei ya kreti ndiyo ndogo, au mizabibu haina mzigo. Nawe usisahau, mapatano yoyote hayaruhusiwi kushuka chini ya kima cha sekta ya kilimo kwenye Amri ya Mshahara.

Mbanguaji, Kongwa: Mimi nabangua karanga nyumbani, nalipwa kwa debe. Nami nidai hiyo 7,000?

Karani: Hapana mama, 7,000 ni mapatano ya shamba lao. Wewe anza kwa kupima debe moja linakula saa ngapi.

Mwenye shamba, Mpunguzi: Na mvua ikinyesha saa nne asubuhi, nikawarudisha watu nyumbani? Zabibu zilizolowa maji kiwanda hakipokei, na mimi sina pa kuitoa 7,000 ya kila mmoja.

Mchumaji, Hombolo: Sisi tulishalipa nauli ya kuja.

Karani: Hilo mliandikiane kabla ya msimu. Mimi ningedai angalau nusu siku. Najua wenye mashamba hawatakubali.