Mnaficha matokeo ya njia ya tofauti kwenye data za paneli, halafu mnasema Hausman ndiye aliyeamua

Mzani_wa_Kaya (mwanzisha uzi)

Wakuu, huu ni uzi wa malalamiko na nitasema kwa ukali. Tasnifu za paneli zimekuwa na aya moja inayonakiliwa kila mahali: "Tulifanya kipimo cha Hausman, kikakataa, kwa hiyo tukatumia `xtreg, fe`." Basi. Hausman analinganisha njia ya kutoa wastani wa kaya, ndiyo hiyo `fe`, na ile inayodhani kwamba yale tusiyoyaona kwenye kaya hayahusiani na vigezo vyetu. Hajui lolote kuhusu njia ya kutoa awamu iliyopita, yaani njia ya tofauti. Kumtaja yeye kama sababu ya kuiacha njia ya tofauti ni kumdanganya msomaji, na wasimamizi wanasaini hivyohivyo.

Njia zote mbili zinafuta kitu kilekile. Udongo mzuri, ujuzi wa mkulima, bidii yake: kama havibadiliki kati ya awamu, ukitoa wastani vinaondoka, na ukitoa awamu iliyopita vinaondoka pia. Ukiwa na awamu mbili tu, majibu ni yaleyale hadi desimali ya mwisho, alimradi regresheni ya tofauti ina konstanti na ile ya wastani ina kigezo cha awamu. Zinaachana kuanzia awamu ya tatu, na zikiachana sana data inakuambia jambo. Jambo hilo ndilo mnalolificha.

Chukueni data ambazo wengi wetu tunazo, za Ofisi ya Taifa ya Takwimu Tanzania zinazofuatilia kaya zilezile: 2008/09, 2010/11, 2012/13. Mtu anaandika hivi:

```
xtset hhid mwaka
reg D.lnmavuno D.mbolea, vce(cluster hhid)
```

Stata inamjibu `no observations`, naye anaandika kwenye tasnifu kwamba njia ya tofauti "haikufaa kwa data hizi". Haikufaa wapi? `D.` inatafuta mwaka mmoja nyuma. Ukiwa 2010 inatafuta 2009, na 2009 haipo. Weka `delta(2)`, au tumia namba ya awamu 1, 2, 3, kila kitu kitakaa sawa. Kosa la mstari mmoja limegeuzwa kuwa uamuzi wa kitaalamu!

Ninachotaka ni kidogo: leteni majibu yote mawili, kwa kaya zilezile, mezani. Hili la kaya zilezile lina uzito. Kaya iliyopatikana awamu ya 1 na ya 3 tu inachangia kwenye wastani lakini inapotea kabisa kwenye tofauti. Usipozichuja mwanzoni, unalinganisha watu tofauti na kudhani unalinganisha njia.

```
gen byte ipo = !missing(lnmavuno, mbolea)
bysort hhid: egen n = total(ipo)
keep if n==3
xtset hhid awamu
xtreg lnmavuno mbolea i.awamu, fe vce(cluster hhid)
reg D.lnmavuno D.mbolea i.awamu, vce(cluster hhid)
```

---

Kikokotoo77

Mkuu, hasira zote hizi za nini? Kanuni inajulikana. Kama makosa ya leo yanahusiana na ya jana, tumia tofauti. Kama hayahusiani, tumia wastani. Unafanya kipimo, unachagua, unalala.

---

Mzani_wa_Kaya

Kikokotoo, umesema nusu, na nusu hiyo ndiyo inayowapoteza wengi. Kanuni yako inahusu ukali wa makadirio, yaani nani ana makosa sanifu madogo. Haihusu nani amepotoka. Mishtuko, yaani hayo makosa ya leo na ya jana unayoyasema, ikiwa haina kumbukumbu, wastani unashinda. Mishtuko ikijilimbikiza, ya mwaka huu ikawa ya jana pamoja na kipande kipya, tofauti inashinda. Huko katikati hakuna mshindi wa kudumu.

Na hata hicho kipimo mnakisoma vibaya. Mnachukua masalia ya regresheni ya tofauti, mnayaregresi kwa masalia ya awamu iliyopita, mnapata -0.5, mnashangilia kwamba "kuna uhusiano, tutumie tofauti". Kinyume chake! Ukitoa mshtuko wa jana kutoka wa leo, mshtuko uleule mmoja unaingia kwenye tofauti mbili zinazofuatana kwa alama zinazopingana. Kwa hiyo mishtuko isiyo na kumbukumbu inatoa -0.5. Ile inayojilimbikiza inatoa sifuri. Ukiona -0.5, data inakuelekeza kwenye wastani.

---

BintiTakwimu

Naomba nimuongezee Kikokotoo, maana hata akisoma kipimo sawasawa bado hajagusa tatizo kubwa. Mavuno yakiwa mazuri msimu huu, mkulima anapata hela ya kununua mbolea msimu ujao. Hapo mshtuko wa leo unaingia kwenye mbolea ya kesho, na njia zote mbili zinapotoka. Swali ni kwa kiasi gani.

Mfano wa kuhesabu kwa mkono. Mbolea ya leo iwe nusu ya mshtuko wa mavuno ya awamu iliyopita, ukiongeza kitu cha nasibu. Varyansi ya mshtuko iwe 1, ya hicho kitu iwe 1, na mishtuko isiwe na kumbukumbu. Varyansi ya mbolea inakuwa 1.25. Kwenye tofauti, mbolea ya leo imebeba mshtuko wa jana, na mshtuko huohuo upo upande wa pili kwa alama ya kutoa. Upotovu ni -0.5 kugawa kwa mara mbili ya 1.25, yaani -0.20. Ongeza awamu uwezavyo, unabaki -0.20.

Kwenye wastani, mshtuko mmoja unagawanywa kwa idadi ya awamu kabla haujatolewa. Awamu mbili: -0.20, sawa na tofauti. Awamu tatu: -0.13. Awamu kumi: -0.04. Kwa hiyo kama mfululizo wako ni mrefu na mishtuko haidumu, wastani unakuponya taratibu, tofauti haikuponyi kamwe. Lakini kwa awamu tatu za Mzani, hata wastani bado ni mgonjwa.

Kujua kama jambo hili lipo: kwenye regresheni ya tofauti ongeza `mbolea` yenyewe, isiyotofautishwa. Ikitoka mbali na sifuri, mishtuko na mbolea vinazungumza kati ya awamu.

---

Mwanafunzi_Kisumu

Samahani jamani, labda sijaelewa swali, lakini Hausman wangu amekubali, p ni 0.31. Sasa mimi natumia tofauti au wastani?

Nina vikundi vya wakulima, awamu nne. Nusu yao walianza kupata mafunzo ya ugani awamu ya tatu, wengine hawakupata kabisa. Njia ya tofauti inanipa sifuri. Wastani unanipa magunia 2 kwa ekari. Msimamizi amesema nifute ile ya sifuri kwa sababu "inachanganya". Mafunzo hayajasaidia au yamesaidia?

---

Mzani_wa_Kaya

Huyo msimamizi ndiye niliyemfungulia uzi! Mdogo wangu, usifute. Na Hausman muweke kando, hajibu swali lako.

Tuseme mafunzo hayafanyi kitu msimu wa kwanza, kisha yanaongeza magunia 4 msimu wa pili. Ukilinganisha waliofundishwa na wasiofundishwa, pengo ni 0, 0, 0, 4. Regresheni ya tofauti inaona kigezo cha mafunzo kikibadilika mara moja tu, kati ya awamu ya 2 na ya 3. Inaangalia pengo limesogea kiasi gani hapohapo: sifuri. Ule mruko wa 4 kati ya awamu ya 3 na ya 4 hauihusu, kwa sababu wakati huo kigezo kimekaa tuli. Njia ya wastani inachukua wastani wa pengo baada ya mafunzo, yaani 0 na 4, inatoa wastani wa kabla, 0 na 0. Inapata 2.

Kwa hiyo sifuri ni jibu la "msimu wa kwanza", 2 ni wastani wa misimu miwili, na 4 halijaonekana kwenye jedwali lolote. Gawanya kigezo chako kiwe viwili, awamu ya kwanza ya mafunzo na awamu ya pili ya mafunzo, urudie njia zote mbili. Kama maelezo ni ya kuchelewa, zitakaribiana. Zisipokaribiana, tafuta kwingine.

---

Kikokotoo77

Hilo la -0.5 nakubali, nilikuwa nalisoma kichwa chini. Lakini mnasahau makosa ya vipimo. Eneo la shamba linalotajwa na mkulima kwa mdomo lina makosa, na tofauti inayakuza. Hapo wastani ni salama.

---

BintiTakwimu

Ni nafuu, si salama. Tuseme eneo la kweli lina varyansi 1, uhusiano wa awamu hadi awamu ni 0.8 na unapungua kwa kuzidishwa 0.8 kila awamu, na kosa la kutaja lina varyansi 0.2. Ukitofautisha, ukweli unabaki na 0.4 na kosa linabaki na 0.4. Koefishenti yako inakatwa nusu. Wastani kwa awamu nne unakuachia kama 0.60 yake. Lakini tofauti ya awamu ya kwanza na ya nne, ukiruka za katikati, inakuachia 0.71, kwa sababu ukweli umepata muda wa kusogea na kosa limebaki lilelile. Tofauti ndefu imeushinda wastani, na hakuna anayeijaribu.

Na hesabu hii inadhani kosa halifuati ukubwa wa shamba. Palipopimwa kwa GPS imeonekana wenye mashamba madogo huwa wanazidisha na wenye makubwa wanapunguza. Hapo hizi namba zangu hazishiki.

---

Chaki_na_Ubao

Nimefuatilia kimya. Mzani, kwa awamu tatu na mkulima anayenunua mbolea kwa hela ya mavuno, unapendekeza nini hasa? Kuweka majibu mawili yaliyopotoka mezani si suluhisho. Mimi ningetumia mbolea ya awamu ya 1 kama ala ya tofauti ya awamu ya 2 na ya 3.

---

Mzani_wa_Kaya

Nakubali kwamba si suluhisho. Ala yako ni halali kama mishtuko haina kumbukumbu, hivyo anza na kile kipimo cha -0.5. Shida ni nguvu. Kama mbolea ya kaya inapanda na kushuka bila mpangilio, kiwango cha awamu ya 1 hakitabiri badiliko la baadaye. Ala ikiwa dhaifu, utapata makosa sanifu mapana kiasi kwamba -0.13 ya wastani itaonekana ndogo. Angalia F ya hatua ya kwanza kabla ya kuandika neno.

---

Chaki_na_Ubao

F ikiwa 4 je? Ndiyo niliyonayo.

---

BintiTakwimu

Kwa F ya 4 mimi ningeacha ala, nibaki na wastani na niseme wazi upotovu unaelekea chini. Najua Mzani hatakubali.

---

Mzani_wa_Kaya

Sikubali. "Unaelekea chini" ni kweli kama mavuno mazuri yanaongeza mbolea. Mkulima aliyevuna vibaya akipewa vocha ya ruzuku msimu unaofuata, alama inageuka, na kwenye awamu hizi tatu ruzuku ya vocha ilikuwepo. Onyesha kwanza nani alipata vocha, ndipo useme upande.