Nimlipie mtu kwa mgeni aliyekuwa amesimama getini kwangu?!

Mama_Dunda: Wadau, nimetoka kikaoni sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Yule jamaa wa matangazo ya Google, mnamjua, wa miwani ya jua hadi saa mbili usiku, kanifungulia ripoti: "Mama, watu 140 kwa wiki, wote nimekuletea mimi." Naangalia neno walilotafuta: jina la nyumba yangu ya wageni! Jina lililopakwa ukutani hapa Bagamoyo, kubwa hata ngalawa zinalisoma! Mgeni wangu wa kila Pasaka alikuwa GETINI, kaandika jina apate namba anipigie nifungue, akabofya tangazo kwa kuwa ndilo la juu. Shilingi 500 zangu. Getini!

Kibatari: Pole, ila ukizima washindani wanakaa juu yako.

Mama_Dunda: Lilishazima lenyewe! Wiki iliyofuata kadi yangu ya benki iligoma.

Raskazone: Hapo umepata kipimo bila kutaka. Fungua Search Console, ile ripoti ya bure ya Google, ni watu wangapi walibofya jina lako bure wiki zile mbili?

Mama_Dunda: Tangazo likiwepo 90. Lilipozima 221.

Raskazone: Basi 140 na 90 ni 230, ukatoa 221 wanabaki tisa. Umelipa 70,000 kupata watu tisa. eBay walifanya hivyo 2012, wakazima matangazo ya jina lao Yahoo na MSN, Google wakayaacha ili walinganishe. Asilimia 99.5 ya waliokuwa wakibofya waliingia kwa njia ya bure.

Kibatari: eBay dunia nzima inaijua. Mama anajulikana na pweza wa ufukweni.

Raskazone: Kweli, ndiyo maana wiki moja haitoshi. Washa wiki hii, zima ijayo, miezi miwili, ukiruka sikukuu. Zima ya jina tu, ya "hoteli Bagamoyo" usiguse. Na usihesabu mibofyo peke yake, hesabu waliolala.

Ngamiani_Juu: Mimi tangazo langu la redioni hawakulisoma kabisa, nizime redio?

Pangani_Boi: 😂😂 Mama, mgeni alikaa getini muda gani?

Mama_Dunda: Dakika kumi! Na mvua!

Chumbageni72: Mie niliizima hapa Tanga nikajiona mjanja. Vyumba vilijaa vilevile, ila tovuti moja ya kuuza vyumba ilikuwa imelipia jina langu, wageni wakapitia kwao. Kamisheni asilimia 15.

Kibatari: Nilisema nini?

Raskazone: Hapo Kibatari kapata nusu. Tangazo likiwa limezima, mwombe mtu aandike jina lako kwa simu yake, uone nani yuko juu. Kama hakuna mtu, jamaa anakuuzia wageni wako mwenyewe. Kama yupo, piga hesabu: kamisheni au shilingi 500.

Chumbageni72: Na hiyo kamisheni wanakata hata mgeni asipotokea! Mwezi jana…

Pangani_Boi: Fungua uzi wako mzee.

Ngamiani_Juu: Kwa hiyo redio niiache?