Naomba ushauri: bibi anataka kumpachika mtoto kipande cha sabuni

Habari zenu wanajukwaa. Mtoto ana miezi 7, ameanza uji mzito wa lishe, na sasa anatoa choo kigumu cha vigololi huku akilia. (Angekuwa ananyonya tu, kukaa siku kadhaa bila choo kusingetutisha, mradi kikitoka kiwe laini.)

Tunachofanya: nusu saa hivi baada ya kula, analazwa chali, anashikwa miguu chini ya magoti, goti moja linasukumwa taratibu kuelekea tumboni huku jingine likinyooshwa, kama anaendesha baiskeli. Kisha tumbo linasuguliwa kwa vidole vyenye mafuta, kwa duara linalofuata mishale ya saa: kutoka chini kulia kwa mtoto, juu, kuvuka kitovu, kushuka kushoto. Ndiyo njia ya utumbo mpana. Ukigeuza, unasukuma kinyume. Akikaza tumbo, tunaacha. Maji ya kuoga ni vuguvugu, yanapimwa kwa kiwiko, yanalegeza misuli.

Uji tumeupunguza uzito, na anapewa maji kidogo akila.

Tatizo ni bibi. Sabuni huunguza ngozi laini ya ndani, na mtoto akiumia huzuia choo, kinazidi kukauka. Anataja pia asali, ambayo chini ya mwaka 1 inaweza kuleta sumu ya botulinamu.

Mnamwambiaje mama mkwe bila kumvunjia heshima? Na papai bivu mnaanza na vijiko vingapi? Tumbo likivimba, akitapika kijani au choo kikiwa na damu, tunakimbilia hospitali.