Mkimbiaji wa uwanjani kwenye picha ya Kibirizi: Motion Blur, Path Blur au kumkata viungo?

mwanga_studio
Wakuu, salama? Nina mkimbiaji niliyempiga Uwanja wa Lake Tanganyika mchana kweupe kwa 1/1000, kakaza mpaka kamba za viatu zinahesabika. Mteja anataka aonekane akikimbia ufukweni Kibirizi, kwenye picha ya jioni niliyopiga kwa 1/30 bila stendi, na mkono ulicheza. Nikimweka anakaa kama stika. Nichague ipi: Motion Blur mwili mzima, Path Blur, au kukata kila kiungo leya yake?

dogo_kasulu
Motion Blur inatosha, usijichoshe. Pikseli 20, angle 0, kisha futa usoni ili mteja ajitambue. Kazi imeisha.

fundi_ujiji
Dogo, kwa kifua na kichwa Motion Blur inatosha kweli. Lakini hiyo 20 umeitoa wapi?

Mwanga, mkimbiaji wako ana urefu gani kwenye picha? Tuseme pikseli 850, naye ni mtu wa mita 1.7. Basi mita moja ni pikseli 500. Akikimbia polepole, mita 3 kwa sekunde, ndani ya 1/30 anasogea sentimita 10, yaani pikseli 50. Hiyo ni ikiwa anapita ubavu kwa ubavu. Akikujia mbele, mburuzo unapungua sana.

Miguu ndiyo inayoumbua kazi za watu. Mguu uliokanyaga mchanga hauendi popote, kwa hiyo kiatu chake hakina mburuzo wa mbio. Ule unaorushwa mbele unakwenda karibu mara mbili ya mwili, pikseli 100 hivi. Ukiweka ukungu sawa kila mahali, anaonekana kateleza kwenye barafu.

mwanga_studio
Ni 850 kasoro kidogo, na anapita ubavu. Sasa ule mkono uliocheza?

fundi_ujiji
Kuza picha ya Kibirizi utafute taa ya nguzo. Usipimie karabai za mitumbwi ya dagaa, zile zinayumba na mawimbi. Taa ya nguzo imesimama, kwa hiyo kamstari kake ndiko mtikisiko wa kamera yako. Kapime urefu na mwinamo.

mwanga_studio
Pikseli 14 hivi, kamelalia kulia, nyuzi 60.

fundi_ujiji
Sawa. Kamera ilitikisa kila kitu, hata kiatu kilichokanyaga na kivuli chake. Hivyo viwili vipe 14 kwa nyuzi 60 na visizidishiwe.

Mwilini usipitishe filta mbili, moja ya 50 na nyingine ya 14. Ukifanya hivyo ukungu unatanuka pande mbili, wakati mtu alisogea na kutikiswa kwa wakati mmoja: mburuzo ni mmoja ulioinama. Kwa vipimo vyako ni kama 58 kwa nyuzi 12, au 45 kwa nyuzi 16 ukielekea chini. Ipi kati ya hizo, siwezi kukwambia, maana mstari wa taa hauonyeshi ulianzia upande gani. Jaribu zote.

Na mkate kwanza, ndipo uweke ukungu. Ukianza na ukungu, nyasi za uwanjani zitaingia kwenye kingo zake na utabeba kijani mpaka ziwani.

mama_studio_tbr
Samahani wanangu, mimi niko Tabora. Nina picha ya mcheza ngoma wa harusini, mikono imefifia yote. Naikazaje?

dogo_kasulu
Shikamoo mama. Hapa tunaongeza ukungu, wewe unataka kuutoa.

fundi_ujiji
Mama, hiyo mikono iache, ndiyo ngoma yenyewe. Ila imenikumbusha jambo: mcheza ngoma kiwiliwili kinaweza kutulia huku mikono ikichora duara, na hapo Motion Blur haiwezi kitu kwa sababu inajua mstari mnyoofu tu. Hapo nachukua Path Blur, nachora mshale unaofuata mkono, kasi ndogo begani na kubwa vidoleni.

Kwa mkimbiaji pia ningechanganya: Motion Blur kwa mwili, Path Blur kwa mguu wa hewani na mikono. Mgeuze kuwa Smart Object kwanza ili namba zibadilike ukitaka.

gimp_tu
Sisi wa GIMP hatuna Path Blur, kwa hiyo nakata viungo. Goti mpaka kifundo cha mguu uliokanyaga natumia Circular Motion Blur, kitovu nakiweka kifundoni. Muundi huwa unazunguka pale, kwa hiyo ukungu unakua wenyewe kuelekea gotini. Shida ni maungio: nisipoacha nyama ya ziada nyuma ya goti, panatokea tundu.

mwanga_studio
Nimejaribu 58 na 45. Ile ya 45 imekaa, ila ngozi imekuwa laini kama plastiki.

fundi_ujiji
Ukungu umefuta chengachenga za kamera. Zirudishe mwishoni kwa Add Noise, ukilinganisha na anga la Kibirizi kwa ukubwa wa 100%.

dogo_kasulu
Na uso? Mteja hatajitambua, nawaambia.

fundi_ujiji
Kichwa kinakwenda na kifua. Ukikaza uso peke yake, unaonekana umebandikwa.

mama_studio_tbr
Mwanangu, mteja halipii nyuzi 16, analipia sura yake. Mimi ningeupunguza ukungu wote nusu.

fundi_ujiji
Mama, ukipunguza nusu mtu hatalingana na taa za nyuma. Labda apige upya Kibirizi kwa 1/125, kabla giza halijaingia.